Zamu ya usiku na ya mchana zitoe mtindi ule ule

Ukiajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, huenda ukapewa kazi ya kuandika utaratibu wa kazi kabla hujazoea hata majina ya wenzako. Anza na hatua ya kugandisha, maana hapo ndipo zamu mbili hutofautiana zaidi.

Utaratibu mwingi niliowahi kuusoma unasema hivi: weka kalcha, subiri masaa manne, poza. Mchana mtindi hutoka mkali, usiku hutoka mwepesi, kisha zamu zinaanza kulaumiana. Lakini wote wamefuata maandishi. Tatizo ni kwamba bakteria wa kalcha, wale wanaogandisha maziwa, hawafuati saa ya ukutani. Maziwa yakishuka kutoka nyuzi 43 hadi 39 kwa baridi ya usiku, kazi yao hupungua kasi.

Kwa hiyo andika kinachopimwa: "Anza kupoza pH ikifika 4.6." pH ni kipimo cha uchachu, nayo hushuka kadiri maziwa yanavyochacha. Muda ubaki kama kidokezo tu cha wakati wa kuanza kupima. Eleza pia upimaji wenyewe: kipima pH kisahihishwe mwanzo wa kila zamu kwa maji maalumu ya pH 7 na 4, na sampuli ipimwe kwenye kikombe safi, si ndani ya tangi. Kama kipoza chenu ni dhaifu, wekeni 4.7, kwa sababu uchachu huendelea kupanda hadi mtindi upoe kabisa.

Sasa makabidhiano. Tuseme kalcha imewekwa saa 9:30 alfajiri na zamu inabadilika saa 1 asubuhi, bechi ikiwa katikati. Mtu wa usiku akisema "iko poa" na kwenda zake, wa mchana hana pa kuanzia. Fomu iwe na nafasi ya saa ya kalcha, gramu zilizopimwa kwa mizani (kijiko cha mtu mmoja si cha mwingine), joto na pH ya sasa, na sahihi mbili. Akikuta 5.1 na nyuzi 40, wa mchana anajua joto limeshuka, analirudisha 43, na anapima kila dakika 15 tangu pH ifike 5.0.

Usiache pengo pale mambo yanapoharibika, kwani hapo kila mtu hubuni lake. Mimi huandika: masaa matatu yakipita na pH bado iko juu ya 6.0, usiongeze kalcha, mwite msimamizi. Mara nyingi kalcha imekufa, au maziwa yana mabaki ya dawa za mifugo, na dawa hizo huzuia bakteria hata ukiwaongeza.

Ukimaliza, mpe karatasi mtu wa zamu nyingine aandae bechi nzima wewe ukiwa kimya pembeni. Kila anapogeuka kukuuliza, tia alama kwenye mstari huo, uuandike upya.