Kazi imekwama: andika nani anaamua, na lini

Fungua daftari la kazi la saiti yoyote huku Mtwara, hutakosa mstari unaosema "Inasubiri chama" au "Inasubiri wilaya". Wakati mwingine ni "Inasubiri" tupu, kama vile kusubiri ni hatua ya ujenzi. Aliyeuandika anajua alichokusudia siku ile. Wiki mbili baadaye hata yeye hana uhakika, na mwenzake anayeshika daftari akiwa likizo hajui aanze kumpigia nani.

Mimi naratibu ujenzi kwa mkandarasi mdogo. Wateja wetu wengi ni AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa korosho, Tandahimba, Newala na Masasi, na AMCOS haiamui kama mtu mmoja. Kuna bodi, kuna mkutano mkuu wa wanachama, na kuna mambo ambayo hata wanachama wote wakinyoosha mikono hayaendi mpaka Mrajis wa Vyama vya Ushirika aidhinishe. Ndiyo maana nimejifunza kuiandika kazi iliyokwama kwa namna moja tu. Nitaieleza kwa ghala moja, maana ghala hilo lina kila kitu.

Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta. Kilichofuata ni kuezeka: mbao za kenchi, kisha bati. Kwa mkataba wetu, vifaa vya paa hununuliwa kwa awamu ya malipo ambayo chama kilipanga kuitoa kwenye mkopo wa benki. Fedha haikuja, na fundi mkuu akaandika: "Kuezeka – imekwama – fedha."

Neno "fedha" hapo linaeleza tu kitu kilichokosekana. Halikuambii ni uamuzi gani haujafanyika, na bila kuujua uamuzi huna wa kumuuliza. Kwa hiyo huwa narudi nyuma hatua kwa hatua. Fedha haijatoka kwa nini? Benki haijatoa mkopo. Imekataa? Hapana, imekubali, ila inasubiri idhini ya ukomo wa madeni wa chama. Ukomo wa madeni ni kiwango cha juu cha deni ambacho chama cha ushirika kinaruhusiwa kuwa nacho. Mkutano mkuu unakipitisha, kisha Mrajis anakiidhinisha. Mkutano ulishafanyika na wanachama walishakubali. Kilichobaki ni idhini. Hapo ndipo nikawa na kizuizi chenye sura: kuna swali moja, lina jibu la ndiyo au hapana, na kuna mwenye mamlaka ya kulijibu.

Usiridhike upesi, lakini. Anayeamua na aliyeshika karatasi leo mara nyingi ni watu wawili. Nikampigia meneja wa chama, mama mmoja makini sana, nikamsalimia vizuri kisha nikamuuliza: "Bi Meneja, ile barua leo iko mezani kwa nani?" Swali hilo nalipenda kuliko "mmefikia wapi", kwa sababu jibu la "mmefikia wapi" siku zote ni "tunaendelea vizuri". Akanyamaza kidogo, akasema iko kwa afisa ushirika wa wilaya, na haijapanda mkoani kwa sababu muhtasari wa mkutano mkuu ulioambatishwa hauna sahihi ya mwenyekiti. Mwenyekiti yuko msibani Newala.

Yaani saiti nzima ilikuwa inaamini tunaisubiri serikali, kumbe tulikuwa tunasubiri kalamu ya mteja wetu mwenyewe. Ukiandika "Mrajis" peke yake kwenye safu ya mhusika, utakaa wiki tatu ukimlaumu mtu ambaye faili halijamfikia. Kwa hiyo mwenye uamuzi ana mstari wake, na mahali jambo lilipo pana mstari wake. Hivi ndivyo nilivyoiandika:

Kazi: Kuezeka ghala (kenchi na bati)
Hali: Imekwama tangu 6/8
Kizuizi: Idhini ya ukomo wa madeni wa chama haijatoka. Benki haitoi mkopo bila idhini hiyo
Mwenye uamuzi: Mrajis Msaidizi, mkoa
Ilipo sasa: Kwa afisa ushirika wilayani. Anasubiri muhtasari wenye sahihi ya mwenyekiti
Anayefuatilia: Meneja wa chama upande wao, mimi upande wetu
Tarehe tarajiwa: 29/8
Chanzo cha tarehe: Meneja, kwa simu 11/8, baada ya kuongea na afisa ushirika
Kuulizia tena: 18/8
Mwisho wa kuvumilia: 12/9

Kwenye daftari letu la ndani kila cheo kina jina na namba ya simu pembeni, lakini cheo ndicho kinachotangulia. Mtu huhamishwa au huenda likizo, na uamuzi hubaki kwenye kiti. Ukiwa na jina tu, siku akihama unaanza upya.

Sasa tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapoandika uongo bila kukusudia. Huku kwetu kumuuliza mtu mzima "utamaliza lini?" kunasikika kama kumbana, na utajibiwa "Mungu akipenda wiki ijayo". Ni jibu la adabu, lakini halifai kwenye safu ya tarehe. Mimi nauliza tukio. Mafaili ya wilayani hupelekwa mkoani siku gani? Kikao cha bodi ni lini? Afisa yupo ofisini wiki hii au anazunguka vijijini? Majibu ya maswali hayo mtu huyatoa bila kujihisi anaahidi, na tarehe unaipata mwenyewe kwa kuyaunganisha. Ile 29/8 ilipatikana hivyo: mwenyekiti angerudi kutoka msibani Jumatano, faili lipande wiki inayofuata, mkoani nako wapewe nafasi ya kulisoma.

Ndiyo sababu ya mstari wa chanzo. Tarehe niliyoambiwa na mwenye uamuzi mwenyewe, tarehe niliyoambiwa na mtu wa pili, na tarehe niliyoikisia nikiwa nimekaa kwenye mfuko wa saruji zina uzito tofauti, lakini kwenye jedwali zote zinafanana. Kama hakuna aliyekupa chochote cha kushika, andika "haijulikani" kisha jaza tarehe ya kuulizia tena. Mstari usio na tarehe tarajiwa unavumilika. Usio na tarehe ya kuuliza tena umeshasahaulika.

Mwisho wa kuvumilia hauulizwi kwa mtu wa nje. Unaupiga hesabu mwenyewe kwa kurudi nyuma kutoka siku ambayo kitu lazima kiwe tayari. Korosho za wakulima huanza kuingia maghalani kuelekea minada ya Oktoba, na chama kilitaka ghala lipokee mzigo ifikapo 10/10. Kuezeka kwetu, pamoja na kupandisha kenchi na kumalizia kingo, tulikupangia wiki tatu. Benki kutoa fedha na mbao kufika saiti, wiki moja. Ukirudi nyuma wiki nne unakuta 12/9. Idhini ikija kabla ya siku hiyo, mpango unasimama. Ikipita, chama kinahitaji pa kuweka korosho za mwanzo wa msimu, na mafundi wangu wanahamia kazi nyingine ya Mikindani. Niliwaambia wote wawili, mwenyekiti na fundi mkuu, tarehe hiyo mwezi mzima kabla. Mwenyekiti aliikariri kuliko mimi. Mwenye korosho anajua maana ya Oktoba, na anajua pia kwamba baada yake zinakuja mvua.

Jambo jingine dogo kuhusu neno "imekwama": lisipakwe kwenye mradi mzima. Ghala halikuwa limekwama, kuezeka ndiko kulikokwama. Kuchimba mtaro wa maji, kumalizia choo cha mlinzi na kufyatua tofali za uzio havikuhitaji idhini ya mtu, na kila kimoja kilikuwa na mstari wake wenye hali ya "inaendelea". Ukiwa na mstari mmoja ulioandikwa "Ghala – imekwama", mafundi wanakaa chini ya mkorosho na huna hoja ya kuwainua.

Tarehe 18/8 niliuliza. Muhtasari ulishatiwa sahihi na muhuri, faili limepanda mkoani. Nilibadilisha mstari wa "ilipo sasa" tu, tarehe tarajiwa ikabaki. Ilipofika 29/8 hakuna kilichotoka. Hapo kuna kishawishi cha kufuta 29/8 na kuandika mpya juu yake. Usifute. Niliandika chini yake: "5/9, kwa kauli ya afisa ushirika, 29/8." Tarehe zikipangana hivyo, mwenye mradi anaona mwenyewe jambo linavyosogea, na mkija kukaa mezani kuongeza muda wa mkataba una karatasi inayoonyesha siku zilizopotea zilipotelea wapi. Jedwali ambalo kila wiki lina tarehe moja safi ya mbele haliwezi kukutetea.

Idhini ilitoka 3/9. Fundi mkuu alipopata habari kwa simu alitaka kubadilisha hali papo hapo iwe "inaendelea". Nikamwomba asubiri tuione barua. Ilikuwa imeidhinisha kiwango pungufu kuliko kile kilichopitishwa na mkutano mkuu. Uamuzi umefanyika, kizuizi cha kwanza kimefungwa, lakini kazi iliyokuwa ikiusubiri haikuwa tena ile ile, kwa sababu fedha isingetosha paa pamoja na jukwaa la zege la kupakilia magunia.

Kwa hiyo unapofunga kizuizi, andika jibu lenyewe. "Imeisha" haitoshi. Mimi niliandika: "Imeidhinishwa 3/9, kwa kiasi pungufu. Barua ipo kwenye faili." Kisha nikafungua mstari mpya: kizuizi, bodi haijaamua kipi kipunguzwe kati ya jukwaa na uzio; mwenye uamuzi, bodi ya chama kupitia mwenyekiti; tarehe tarajiwa 6/9, siku ya kikao; chanzo, mwenyekiti mwenyewe. Mstari huo niliuambatanisha na jukwaa peke yake. Kuezeka kulikuwa ndani ya fedha iliyoidhinishwa kwa vyovyote vile, kwa hiyo nikaiondolea kazi hiyo alama ya kukwama na kuiandikia sharti moja la mwisho: benki kuweka fedha, mhusika afisa mikopo wa tawi, 9/9.

Mafundi walianza kupandisha kenchi wiki hiyo hiyo ya fedha kuingia. Mstari wa jukwaa uko wazi mpaka leo, bodi imeusogeza hadi baada ya msimu, na tarehe yake ya kuulizia tena ni Januari.