Aliyekuuzia ni Nani? Kwa Wageni wa Meza ya Dili

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya kijana wetu mpya akizungumza na mteja kwenye simu. Mteja kafungiwa dili usiku, anataka kujua nani kamfungia. Kijana akamjibu kwa upole: "Ni soko tu, kaka." Mteja akakata simu. Wadogo zangu, umekaa kwenye meza ya dili, umevaa fulana yenye nembo ya kampuni iliyomuuzia, halafu unamwambia ni soko? Kila kundi linaloletwa kwetu linakuja na jibu hilo hilo, na kila mara nalirekebisha kwa mdomo hadi koo linakauka. Safari hii nimeandika. Lot, S/L na NFP mnazijua, sitaanzia huko.

1. Mteja anaponunua kwetu, anayemuuzia ni sisi.

Hii ni CFD, mkataba wa tofauti ya bei. Hakuna mtu wa Frankfurt aliyeamka asubuhi akaamua kumuuzia euro mteja wetu wa Kitengela. Mteja akibofya Buy, anafunga mkataba na kampuni, na kampuni inabaki upande wa pili mpaka atakapofunga. Tukishachukua upande huo tuna njia mbili. Ya kwanza ni kuubeba wenyewe, ndiyo kitabu B. Ya pili ni kwenda kununua kiasi hicho hicho kwa benki au kampuni kubwa inayotuuzia ukwasi, ndiyo kitabu A. Mteja haoni tofauti. Tiketi ni ile ile, rangi ni zile zile.

Hata sheria inatenganisha mambo haya. Kanuni za Kenya za mwaka 2017 kuhusu biashara ya fedha za kigeni mtandaoni zina broka anayeruhusiwa kutengeneza soko, na broka ambaye kazi yake ni kumuunganisha mteja na soko kwa kamisheni au kwa nyongeza kwenye spredi. Mteja akiuliza mko kundi gani, ana haki ya kujibiwa. Kama hujui, fungua mkataba wa mteja. Imeandikwa humo, na ndio uliopewa usome siku ya kwanza ukausaini bila kuusoma.

2. Mtengeneza soko hapati mkate wake kwa kukisia.

Vijana wanakuja na hadithi za magrupu: eti "maketi meka" wanakaa chumba chenye giza wakiwinda S/L ya mtu mwenye dola 50. Hesabu yetu ya asubuhi ya kawaida ni hii. Wateja wamenunua loti 12 za EURUSD, wengine wameuza loti 9. Loti 9 zinakutana humu ndani: huyu kanunua kwa Ask, yule kauza kwa Bid, na tofauti ya katikati ni yetu. Spredi ikiwa pipsi 1.2, na pipsi moja kwa loti ni dola 10, tumeingiza kama dola 108, na hatujali euro inapanda au inashuka. Hiyo ndiyo kazi. Duka la kubadilisha fedha pale mjini linaishi hivyo hivyo.

Shida ni zile loti 3 zilizobaki. Hizo hazina za kukutana nazo. Euro ikipanda pipsi moja tunapoteza dola 30, ikishuka tunapata 30. Loti 3 tunaweza kuzivumilia. Kiasi hicho cha ziada ndicho tunachokiita neti, na kazi yenu yote, ukiondoa kunywa chai, ni kujua neti ni kiasi gani kila dakika.

Kuna mteja tunayemwogopa pia, msinielewe vibaya. Si tajiri, ni yule anayejua kabla yetu. Angalia bei dakika moja baada ya kila dili yake. Kama bei inasogea upande wake karibu kila mara, huyo ana habari au ana mtandao wenye kasi kuliko wetu, na kila spredi tuliyomtoza anaichukua tena kwetu mara kadhaa. Mtengeneza soko hupanua spredi kwa sababu ya watu kama huyo, na wengine wote wanalipia.

3. Msiibebe neti kwa imani kwamba "wateja huwa wanapoteza".

Najua mnayawaza haya kwa sababu nami niliyawaza. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida wa CFD hupoteza pesa. Mtu akisoma hivyo anajiambia: kumbe kukaa upande wa pili tu ni mshahara. Basi nisikilizeni, maana somo hili nililisoma kwa pesa ya mwajiri, mwajiri ambaye simtaji hapa kwa hisani aliyonifanyia ya kutonifukuza.

Ilikuwa Ijumaa ya NFP. Wateja wetu walikuwa wamejaa kwenye dhahabu, wote upande mmoja, kwa sababu grupu moja kubwa la signo lilikuwa limewaambia wanunue. Neti ilikuwa loti 38 za kununua, maana yake kampuni ilikuwa imeuza loti 38. Kikomo changu kilikuwa loti 10. Loti 28 za ziada nilitakiwa kuziheji, yaani kununua loti 28 kwa anayetuuzia ukwasi, jambo la sekunde chache na spredi ya senti 20. Sikununua. Nilifungua dirisha la oda, nikaliangalia, nikalifunga. Hawa wa magrupu kila mwezi wanachomwa na NFP, nikasema, kwa nini niwalipie benki spredi wakati dakika kumi zijazo watatuachia pesa wenyewe?

Takwimu zikatoka mbaya kwa dola, dhahabu ikaruka. Nikakimbilia dirisha lile lile kununua. Spredi sasa ilikuwa zaidi ya dola moja, na kwa bei ile walikuwa wanauza loti 4 tu. Nyingine nne zilikuwa juu zaidi, nyingine juu zaidi tena. Hapo ndipo nilipoelewa ukwasi ni nini. Ile bei nzuri niliyoizoea ilikuwa ahadi ya mtu mwingine kama mimi, aliyekaa mezani kwake London, na dakika ile yeye naye alikuwa ameondoa oda zake, kwa kuwa hakutaka kuwa upande wa pili wa mtu aliyechanganyikiwa kama mimi. Nilipomaliza kununua loti 28, wastani wangu ulikuwa dola 9 juu ya bei ya kabla ya habari.

Nikapumua. Nikaenda kumweleza bosi kwamba tumeheji. Wakati namweleza, bei ikagusa dola 10 juu, na T/P za wateja wale zikafyatuka: loti 30 zikafungwa kwa faida. Loti moja ya dhahabu ni aunsi 100, kwa hiyo tuliwalipa dola 30,000. Lakini jambo baya zaidi lilikuwa kimya. Wateja walishatoka, heji yangu ilikuwa bado ipo. Tulikuwa tumeuza loti 8 na kununua loti 28. Sasa kampuni yenyewe ilikuwa inashikilia loti 20 za dhahabu, zilizonunuliwa karibu na kilele, na hakuna aliyejua kwa sababu mwenye kuangalia neti alikuwa anasimulia ushujaa wake ofisini. Dhahabu ikageuka. Niliporudi mezani nikaziuza zote 20 kwa hasara ya dola 6 kila aunsi: dola 12,000 nyingine. Zile loti 8 zilizobaki tayari nilikuwa nimezifungia hasara ya dola 9, yaani 7,200. Jumla inakaribia dola elfu hamsini. Ningeheji kabla ya habari, zile 30,000 za wateja karibu zote zingelipwa na heji.

Bosi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Saa ile ulikuwa dila au ulikuwa mteja?" Bado linaniuma.

Kwa hiyo kabla ya NFP neti inashushwa hadi kwenye kikomo, na mtu mmoja haondoki mezani hata kama choo kinamwita.

4. Washeni laini ya Ask.

Nusu ya malalamiko ya "mmeniwinda S/L" yanaishia hapa. Chati ya MetaTrader huchorwa kwa Bid. Aliyeuza anafunga kwa kununua, kwa hiyo S/L yake inasubiri Ask, bei ambayo chati haimwonyeshi. Chukua mteja aliyeuza EURUSD kwa 1.0850 na S/L kwa 1.0865. Usiku, New York inapofunga siku saa 11 jioni ya kwao, kwetu ni saa 6 usiku, au saa 7 majira yao ya baridi. Madila wa New York wameondoka, wa Sydney ndiyo kwanza wanaingia, wanaotuuzia ukwasi wanapunguza kiasi na kupanua spredi. Bid iko 1.0856, spredi iliyokuwa pipsi 1 sasa ni pipsi 10, Ask inafika 1.0866. Dili imefungwa. Asubuhi mteja anaangalia chati, kilele ni 1.0856, pipsi 9 chini ya S/L yake, na anaanza kutuita wezi. Kwenye MT4 mwambie abonyeze F8, awashe `Show Ask line`, halafu mtumie rekodi ya bei zote mbili za dakika ile. Kama rekodi ya kwetu ina spredi ambayo anayetuuzia ukwasi hakuwa nayo, basi mteja ana haki, na unaileta kwangu kabla hujamjibu.

5. Kitabu A nacho si utakatifu.

Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Ndani ya dakika chache bei ilikuwa chini ya 1.00, na katikati hapo karibu hapakuwa na mtu wa kununua euro; S/L zilitekelezwa pale mnunuzi alipopatikana. Kampuni ya broka ya FXCM ilikuwa ikipitisha dili za wateja kwa mabenki, kitabu A haswa. Wateja wakabaki wanadaiwa kama dola milioni 225, nayo kampuni ikawa inadaiwa na mabenki. Ikaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300. Ukipitisha hatari ya bei, unabaki na hatari ya mteja kutolipa.

Halafu Februari 2017 wasimamizi wa Marekani wakaiondoa kampuni hiyo hiyo sokoni kwao na kuitoza faini ya dola milioni 7. Iliwaambia wateja kwamba haina maslahi upande wa pili, kumbe ilikuwa na uhusiano wa kifedha uliofichwa na mmoja wa watengeneza soko wake wakubwa, na ilikuwa inarudishiwa sehemu ya mapato ya mtengeneza soko huyo. Kwa hiyo mteja akiuliza "mnapitisha kwa nani?", jina la benki peke yake halitoshi. Jibu pia nani anamlipa nani.

Ijumaa hii nipo zamu. Neti ya dhahabu iandikwe kwenye ubao saa 8:30, iandikwe tena saa 9:15, na aliyeiandika aweke jina lake.