Omba dakika 20, usiombe "kufundishwa kazi"

Nilipoanza kazi katika ofisi ya uhasibu ya hoteli hapa Malindi, nilimwendea mhasibu wetu mkuu Desemba, wageni wamejaa, nikamwambia, "Mama, naomba unifundishe kazi." Akaitikia, "Inshallah," na yakaishia hapo. Sikumlaumu. Kazi yote si kitu cha kumpa mtu mkononi, na Desemba hakuna anayepata nafasi hata ya kunywa chai.

Nilirudi katikati ya Mei, watalii wamepungua na hesabu za Aprili zimefungwa. Safari hii nilijua ninachokitaka:

"Shikamoo mama. Nataka kujifunza kwako jambo moja, kulinganisha kitabu chetu cha benki na taarifa inayotoka benki. Naomba dakika 20 kila Jumatano baada ya Alasiri, kwa wiki 6 tu. Mwisho wa Juni nataka niifanye peke yangu, wewe ukague. Ikiwa siku hiyo haikufai, nipe nyingine."

"Marahaba mwanangu. Jumatano nina mishahara. Njoo Alhamisi, na usije mikono mitupu."

Tazama alichoweza kukijibu: siku. Muda unajulikana, mwisho unajulikana, kwa hiyo kilichobaki ni kupanga tu. Ukimwambia mtu "uwe mlezi wangu", umemtwika mzigo asioujua uzito wake, na atakataa kwa adabu.

Hayo ya mikono mitupu ndiyo yaliyonisaidia zaidi. Alhamisi ya kwanza nilimpelekea karatasi niliyokwisha kuihangaikia. Kitabu chetu kilisema shilingi 182,650, benki ikasema 186,300. Nilikuwa nimetafuta malipo ya 3,650 usiku kucha bila kuyaona. Akaweka kidole kwenye hundi ya 4,000 tuliyomwandikia muuza samaki. "Hii ameshaipeleka benki?" Bado. Ukiitoa kwenye salio la benki, inabaki 182,300. Kisha akanionyesha ada ya benki ya 350 ambayo hatukuiandika kitabuni. Ukiitoa kwetu, nasi tunafika 182,300. Tofauti moja ilikuwa imeficha vitu viwili vinavyovutana. Hilo lilichukua dakika 10, kwa sababu kazi ya kutafuta nilikuwa nimeimaliza, na aliona mara moja niliposhikwa.

Dakika 20 zikitimia, simama wewe kwanza, hata kama hadithi ni tamu. Akikosa Alhamisi mbili mfululizo, usimkumbushe kwa kumbana. Mwambie, "Mama, naona kazi zimekuzidi, tuifanye mara moja kila wiki mbili?" Mara nyingi mtu huyo anaona haya kukwambia amechoka, na wewe umemfungulia mlango.

Wiki ya 6 nilimwambia muda niliouomba umekwisha, nikamshukuru, nikamwachia hesabu ya Mei niliyoifunga mwenyewe. Aliikagua mstari kwa mstari, akatia sahihi, akasema, "Sasa twende kwenye malipo ya M-Pesa. Alhamisi ileile."