“Lifuatiliwe”: Na Nani, na Lini?

Msomaji mmoja anayeandika muhtasari wa vikao ameuliza: “Mwenyekiti amenirudishia rasimu mara ya tatu akidai kazi hazina wenyewe. Mbona kila kilichoagizwa nimekiandika? Nakosea wapi?”

Huenda hakuna alichoacha. Tatizo liko kwenye vitenzi. Kiswahili kinaturuhusu kuagiza bila kumtaja anayeagizwa: bei ziulizwe, paa likaguliwe, suala hili lifuatiliwe. Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, na zinasikika rasmi kabisa, ndiyo maana jicho huzipita. Kikao kijacho, kwenye yatokanayo, kila mjumbe anamtazama mwenzake.

Kwa hiyo anayekagua rasimu asianze na jedwali la utekelezaji lililoko mwishoni. Jedwali linaonyesha kazi ambazo mwandishi alizitambua kuwa ni kazi, na zilizompita hazimo humo. Anza na maelezo ya hoja, ukiwa na kalamu, na upigie mstari kila kitenzi cha namna hiyo: iandaliwe, wajulishwe, irekebishwe. Piga mstari pia chini ya “tutaangalia” na “tuone namna”. Kila ulipopiga mstari uliza maswali mawili tu: na nani, na lini? Majibu yakikosekana kwenye sentensi hiyo na kwenye jedwali, weka alama.

Usitie alama kila kitu, lakini. “Kikao kilipokea taarifa ya mapato na matumizi” ni taarifa. Haina mtu wa kumdai. “Kikao kiliridhia ada mpya” ni uamuzi, nao unahitaji kutazamwa mara mbili kwa sababu mara nyingi umebeba kazi tumboni: nani atawatangazia wanachama hiyo ada? Kama kuna jambo ambalo lazima mtu alitende ndipo uamuzi ufanye kazi, hiyo ni kazi, hata kama mwandishi hakuiita hivyo.

Tuchukue mfano wa kikao cha Jumanne, 10 Machi 2026, ambacho kikao chake kijacho ni 14 Aprili. Rasimu ina hoja hizi:

4.1 Mhazini awasilishe hesabu za robo mwaka kwa Mwenyekiti ifikapo 27 Machi 2026.
4.2 Bei za matangi ya maji ziulizwe kwa wauzaji watatu.
5.1 Kamati ya Ujenzi ikague paa haraka iwezekanavyo.
5.2 Katibu na Mhazini waandae rasimu ya mkataba kabla ya kikao kijacho.
6.1 Mjumbe anayesimamia vifaa ahesabu viti ifikapo 20 Machi 2026.

Hoja ya 4.1 imekamilika: ina mtu, ina siku, na inasema kazi ikabidhiwe kwa nani. Ya 4.2 haina mtu wala siku. Hapo hakuna ubishi.

Ya 5.1 inadanganya. Kamati si mtu, na huwezi kuipigia simu kamati. Kazi ikibaki kwa kamati, andika jina la mmoja ndani yake atakayeulizwa. “Haraka iwezekanavyo” nayo si tarehe, kwa sababu haipiti kamwe. Hakuna siku utakayoweza kusema kazi imechelewa. Ndugu zake ni “mapema”, “wiki ijayo” na “endelevu”. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kazi isiyo na mwisho ipewe siku ya kutolewa taarifa ya kwanza.

Ya 5.2 ina majina mawili, na wawili husubiriana. Mmoja awe mhusika, mwingine aandikwe kuwa msaidizi. “Kabla ya kikao kijacho” inakubalika pale tu tarehe ya kikao hicho inapojulikana, na hata hivyo ni afadhali kuandika siku yenyewe. Mkataba unaopaswa kusomwa na wajumbe hauwezi kukamilika asubuhi ya 14 Aprili. Ukihitaji siku saba za kuusoma, tarehe ya kazi ni 7 Aprili.

Ya 6.1 inaonekana safi. Sasa fungua ukurasa wa mahudhurio: mjumbe huyo yumo kwenye orodha ya waliotoa udhuru. Amepewa kazi hayupo, na pengine hana habari. Mhusika yupo kwenye karatasi, ila hajakubali. Hiyo nayo irudi, kwa swali moja tu: je, amejulishwa na amekubali?

Wanaoweka kazi kwenye lahajedwali, kazi ikiwa safu A, mhusika B na tarehe C, wanaweza kuiachia mashine ukaguzi wa kwanza:

```
=IF(OR(TRIM(B2)="",NOT(ISNUMBER(C2))),"RUDISHA","SAWA")
```

Fomula hii inakamata nafasi tupu, na pia tarehe iliyoandikwa kwa maneno kama “mapema”, kwa kuwa tarehe halisi huhifadhiwa kama namba. Itakamata hata tarehe sahihi iliyoingizwa kama maandishi, basi usishangae. Kamati, majina mawili na mjumbe asiyekuwepo vyote vitapita vikiwa “SAWA”. Hayo ni ya jicho la mtu.

Kurudisha nako kuna namna yake. Usirudishe rasimu nzima na maneno “rekebisha kazi”. Hilo ndilo linalomchosha aliyetuandikia, maana hajui ni ipi. Rudisha hoja zenye upungufu tu, kila moja na namba yake, maneno yalivyo kwenye rasimu, kinachokosekana, na siku ya kujibu. Kwa mfano:

“4.2: ‘Bei za matangi ya maji ziulizwe kwa wauzaji watatu.’ Hakuna mhusika, hakuna tarehe. Je, kikao kilimtaja mtu? Naomba jibu kufikia Alhamisi, 12 Machi.”

Siku mbili zinatosha, na zisizidi sana, kwa sababu kumbukumbu ya nani alisema “niachieni mimi” hufifia upesi. Hoja ya 4.1 isisubiri wenzake. Mhazini ajulishwe kazi yake siku hiyohiyo.

Mkaguzi usijaze jina mwenyewe, hata kama unaona dhahiri kwamba manunuzi ni ya fulani. Muhtasari unasema yaliyotokea kikaoni. Mwandishi akikumbuka kwamba mtu alitajwa, anasahihisha rasimu na yameisha. Kama hakutajwa yeyote, swali linahamia kwa Mwenyekiti: yeye ndiye anayepanga mtu, na mtu huyo anakubali kwanza. Hilo liandikwe wazi kwenye jedwali: “amepangwa na Mwenyekiti baada ya kikao, 12 Machi 2026.” Ukiliingiza kimyakimya ndani ya maelezo ya hoja, siku ya kuthibitisha muhtasari mjumbe atasimama na kusema hakumbuki kupewa kazi hiyo, na atakuwa na haki. Muhtasari ukishathibitishwa, usiuguse tena. Upungufu utakaoonekana baadaye unajadiliwa kwenye yatokanayo ya kikao kinachofuata.

Na ikiwa Alhamisi imepita bila jibu? Sambaza muhtasari hivyo hivyo, ila kwenye safu ya mhusika usiache tupu wala usiweke kistari. Andika “HAJAPANGWA”, kisha iweke hoja hiyo ya kwanza kabisa kwenye yatokanayo ya 14 Aprili.