Pesa ya stika kabla ya kazi

"Nina Vitz, niko Likoni. Jamaa wa WhatsApp anasema nilipe 2,500 za usajili na 1,500 za stika ndipo aniingize kwenye teksi za mtandaoni. Nitume?"

Usitume, ndugu yangu. Kampuni za teksi za mtandaoni hula kamisheni kwenye safari. Hazihitaji elfu nne zako kabla hujabeba abiria. Gharama halali zipo, ila haziendi kwake: cheti cha tabia njema na beji ya PSV unalipia eCitizen, bima ya PSV kwa kampuni ya bima.

Mwombe namba ya kulipia. Akikupa ya simu, M-Pesa itakuonyesha jina la mtu binafsi. Hata akikupa till yenye jina zuri, usilegee. Till hufunguliwa na yeyote mwenye kibanda. Ukilipa stika, kesho atakuja na "ada ya ukaguzi".

Na kama umeshamtumia picha ya logbuku na kitambulisho, hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kama pesa imetoka, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 sasa hivi, kabla hajaitoa. Namba yake iripoti 333.