Kipengele cha bima kikiwa na maana mbili

Nilifanya kazi katika kitengo cha madai cha kampuni ya bima, na siku hizi jamaa na marafiki huniletea barua zao za kukataliwa. Nyingi husimama juu ya sentensi moja tu ya mkataba. Sentensi hiyo isome yenyewe, neno kwa neno, usiishie kwenye maelezo ambayo kampuni imeyatoa kuihusu.

Sheria katika nchi nyingi ina kanuni inayosema hivi: utata wa maandishi humwangukia aliyeyaandika. Kampuni ndiyo iliyochagua maneno, tena kwa msaada wa wanasheria wake. Wewe uliletewa karatasi zilizokwisha chapwa, ukaonyeshwa pa kutia sahihi. Basi kipengele kikibeba maana mbili, zote za busara, hufuatwa ile inayomfaa mwenye bima. Kanuni hii hukaza zaidi kwenye vipengele vya mambo yasiyofidiwa, maana kwa kawaida ni kampuni inayotakiwa kuthibitisha kwamba hasara yako imeangukia humo.

Mfano ambao wanabima wengi wanaujua ulitokea Uingereza, ukaamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1953. Gari dogo lililotengenezwa kwa watu watano lilipata ajali likiwa na watu sita. Mkataba ulisema hakuna fidia gari likiwa limebeba mzigo unaozidi ule liliotengenezewa. Kampuni ikasema mtu wa sita ni mzigo uliozidi. Mahakama ilikataa: maneno hayo yanaeleweka kwa malori na magari mengine ya mizigo, ambayo yana kiwango cha uzito kilichowekwa. Kama kampuni ilitaka kuhesabu vichwa vya abiria, ingeandika hivyo wazi. Ikalazimika kulipa.

Sasa la karibu. Dada yangu aliibiwa kompyuta mpakato akiwa ameketi kwenye ukumbi wa kusubiria, anajaza fomu, mkoba uko miguuni pake. Barua ya kampuni ilinukuu kipengele hiki: “Hatutafidia wizi wa kitu kilichoachwa bila uangalizi.” Hoja yao ilikuwa kwamba macho yake yalikuwa kwenye fomu.

Nilianza na ukurasa wa tafsiri za maneno, ule ambao watu huuruka. “Uangalizi” halikuwemo. Kisha nikapitia mkataba mzima nikitafuta mahali pengine lilipotumika neno “kuachwa”, nikalipata kwenye sehemu ya gari: “kitu kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu”. Hapo kuachwa ni mwenyewe kuondoka. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu inatoka kwenye karatasi za kampuni yenyewe.

Barua tuliyoandika haikuzidi ukurasa. Tulinukuu kipengele kizima, tukaeleza kwamba kinaweza kusomeka “mwenyewe hayupo” au “mwenyewe hatazami”, tukaonyesha ile sentensi ya gari, tukasema wazi kwamba utata usomwe kwa faida ya mwenye bima. Malalamiko ya uchungu tuliyaacha nje; nilipokuwa upande wa pili wa meza, barua za uchungu ndizo zilizokuwa rahisi kujibu. Walilipa, wakakata ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe.

Lakini angalia ilivyokuwa chupuchupu. Kama ukurasa wa tafsiri ungesema uangalizi ni “kitu kuwa mahali unapokiona muda wote”, tungekuwa hatuna la kusema. Mahakama husoma kwanza maneno kwa maana ya kawaida, ndani ya mkataba mzima. Kanuni hii huja mwishoni, shaka ikiwa bado ipo. Kipengele kikali si lazima kiwe na utata. Wala kutokubaliana kwenu hakutoshi, maana kila anayekataliwa hakubaliani. Na kama dada angekuwa amekwenda msalani na kuuacha mkoba kitini, angeshindwa kwa maana zote mbili. Kwa hiyo weka tukio lako kwenye kila maana kabla ya kuandika. Ukishinda kwa moja na kushindwa kwa nyingine, hapo kanuni ina kazi.

Jambo jingine la kuuliza ni nani hasa aliyeandika. Katika bima za biashara kubwa, mara nyingi dalali wa mteja ndiye anayetunga maneno na kuipelekea kampuni iyakubali. Hapo kampuni inaweza kukugeuzia kanuni hiyohiyo, na kama mliketi mkajadiliana kila mstari, huenda isimsaidie yeyote. Tafuta barua pepe za wakati mkataba unaandaliwa, uone rasimu ya kipengele hicho ilitoka upande gani.