Vyondo vinasifiwa, wanunuzi wako wapi?

"Picha za vyondo vyangu vya mkonge zinapendwa sana, wengi wanauliza bei. Nisuke vingine 40?"

Usisuke bado, dada. Anayeuliza bei mara nyingi anapita tu. Mnunuzi huuliza upana wa mdomo, urefu wa mkanda na mzigo utafika lini. Hesabu wanaobaki baada ya kutajiwa gharama ya kutuma. Wengi hupotea hapo, maana kiondo ni chepesi lakini kinakula nafasi, na wasafirishaji wa ndege hutoza hata kwa ukubwa wa boksi. Ukishauriwa upunguze bei, ushauri huo ni sahihi nusu tu: anza kwa kupunguza ukubwa wa boksi. Visivyo na ngozi vikunje taratibu vikae bapa, au vidogo viingie ndani ya vikubwa. Mnunuzi atavirudishia umbo kwa mvuke.

Halafu omba malipo ya awali, hata nusu, kabla hujashika uzi. Na duka la watalii likichukua vyondo kwa mali kauli, usihesabu kwamba vimeuzwa. Subiri uone kama litarudi na pesa taslimu kutaka vingine, na ni vya rangi gani. Hivyo ndivyo vya kusuka.